Makadirio ya mahitaji ya maji katika mpango kabambe wa mji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hutoka kwa wahandisi vijana waliopewa sura ya mahitaji ya maji waiandike, kwa wajumbe wa bodi za mamlaka za maji wanaotakiwa kuipitisha, na kwa madiwani wanaotaka kujua kwa nini bomba lililozinduliwa juzi leo halitoshi. Mifano ni ya Tanzania kwa sababu huko ndiko nilikofanyia kazi.

Makadirio ya mahitaji ni nini hasa, na yanaamua nini?

Ni hesabu ya maji ambayo mji utayahitaji kwa siku katika mwaka fulani ujao. Inasimama juu ya nguzo tatu: watu watakuwa wangapi, kila mmoja atatumia lita ngapi, na mwaka wa mwisho wa mpango ni upi. Baada ya hapo huongezwa maji ya taasisi na biashara, kisha upotevu.

Namba inayopatikana ndiyo inayoamua visima vichimbwe vingapi, bomba kuu liwe na kipenyo gani, mtambo wa kutibu maji uwe na ukubwa gani na mkopo uwe wa shilingi ngapi. Ikikosewa, kila kitu kinachofuata kinabeba kosa hilo, hata kama usanifu wa mabomba yenyewe umefanywa kwa ustadi.

Kiwango cha ongezeko la watu nakipata wapi?

Chukua sensa mbili za mji uleule, ndani ya mipaka ileile, na utumie kanuni hii:

```
r = (P2 / P1)^(1/t) - 1
Pn = P0 * (1 + r)^n
```

`P1` na `P2` ni idadi ya watu katika sensa mbili, `t` ni miaka iliyopita kati yake, na `r` ni ongezeko kwa mwaka. Mstari wa pili unakupeleka mbele miaka `n` kutoka mwaka wa kuanzia.

Kanuni ni nyepesi. Ugumu upo katika kuamini kwamba yaliyotokea kati ya sensa mbili yataendelea vilevile. Dodoma inaonyesha vizuri hatari ya imani hiyo, kwa hiyo tuifanye hesabu yake.

Sensa ya 2002 iliihesabu Dodoma Mjini kuwa na watu takriban 324,000. Sensa ya 2012 ikakuta watu 410,956. Ukiziweka kwenye kanuni unapata ongezeko la asilimia 2.4 kwa mwaka. Mtu aliyeketi mwaka 2013 kuandika mpango wa maji, akiwa na takwimu hizo rasmi mkononi, angesema kwamba mwaka 2022 mji utakuwa na watu kama 521,000. Asingekuwa mzembe. Makao makuu yalikuwa yameamuliwa kuhamia Dodoma tangu 1973, na miaka arobaini baadaye wizara nyingi zilikuwa bado Dar es Salaam. Kwa macho ya 2013, hakukuwa na dalili ya haraka.

Mwaka 2016 Serikali ikatangaza kuhama kwa dhati. Wizara zikahamia, na watumishi wakaja na familia zao. Wakafuata mafundi, mama lishe, wenye maduka ya vifaa vya ujenzi na wajenzi wa nyumba za kupangisha. Aprili 26, 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Sensa ya 2022 ikahesabu watu 765,179. Hao ni watu 244,000 zaidi ya makadirio yale, yaani mji mwingine mzima usio na bomba. Ongezeko la kati ya 2012 na 2022 lilikuwa asilimia 6.4 kwa mwaka.

Basi tutumie asilimia 6.4 kuanzia sasa?

Hapana, na kosa hili ni kubwa kama lile la kwanza. Ukiipeleka asilimia 6.4 mbele kwa miaka ishirini kutoka 2022, unapata watu milioni 2.65 mwaka 2042. Ukidhani kwamba kasi ya uhamisho itapoa, ukaweka asilimia 5 kwa miaka kumi ya kwanza na 4 kwa kumi ya pili, unapata milioni 1.85. Tofauti ni watu 800,000, na wote wametokana na uamuzi mmoja wa mwandishi. Siyatoi haya kama utabiri wa Dodoma. Ninachotaka uone ni jinsi namba hii moja ilivyo na nguvu.

Ushauri wangu ni kutenganisha sababu. Kila mji una ongezeko la kawaida, yaani kuzaliwa kuzidi kufa pamoja na watu wanaotoka vijijini kidogokidogo. Baadhi ya miji ina pia tukio: makao makuu, chuo kikuu, mgodi, kituo cha reli ya kisasa, mpaka mpya wa biashara. Ongezeko la kawaida lihesabiwe kwa asilimia. Tukio lihesabiwe kwa vichwa. Watumishi wangapi wanakuja, mwaka gani, na familia za watu wangapi? Tukio likishatimia, liondoe kwenye asilimia, la sivyo utakuwa unauhamisha mji huohuo kila mwaka hadi mwisho wa mpango.

Kisha andika makadirio matatu, la chini, la kati na la juu, na useme waziwazi usanifu umetumia lipi na kwa sababu gani. Nimesoma mipango yenye makadirio matatu ambayo hayakutumika popote baada ya ukurasa wake. Huo ni wino uliopotea.

Idadi ya watu ya halmashauri ndiyo idadi ya watu wa mji?

Mara nyingi siyo. Mipaka ya utawala hubeba kata zenye sura ya kijiji, ambako nyumba zimetawanyika na mtandao wa mabomba hautafika katika kipindi cha mpango. Ukiwahesabu wote utajenga mtambo mkubwa kuliko wateja wako. Kinyume chake pia hutokea: mji umemeza vitongoji vya wilaya jirani, watu wananunua maji ya mji, lakini kwenye jedwali hawapo.

Fanya kazi kata kwa kata, ukitumia takwimu za Ofisi ya Taifa ya Takwimu za ngazi hiyo. Kata kongwe ya katikati ya mji haiwezi kuongezeka kwa asilimia 5 kwa miaka ishirini, maana hakuna pa kujenga. Kata ya pembezoni iliyopimwa viwanja vipya inaweza kuongezeka mara tatu. Angalia ramani ya mipango miji, hesabu viwanja, kisha angalia picha za setilaiti za miaka mitano iliyopita uone mabati mapya yameota wapi. Kata ikijaa, isimamishe na upeleke ongezeko lake kata ya jirani.

Kumbuka pia tarehe ya sensa. Sensa ya 2022 ilifanyika Agosti, na mji wa chuo ukihesabiwa wanafunzi wakiwa likizo unaonekana mdogo kuliko ulivyo Januari. Idadi ya wanafunzi iombe chuoni, iongeze kando.

Kila mtu atumie lita ngapi kwa siku?

Hapa ndipo makadirio mengi yanapoharibikia. Sera ya Taifa ya Maji ya 2002 iliweka lita 25 kwa mtu kwa siku, ndani ya mita 400 kutoka nyumbani, kama kiwango cha chini cha huduma ya maji vijijini. Lita hizo zinatosha kwa anayechota kwa ndoo. Haziwezi kutumika kwa mji mzima, kwa sababu kinachoamua matumizi ni umbali kati ya mtu na bomba. Mwenye kubeba ndoo kichwani hupima kila kata ya maji. Bomba likifika uani, matumizi hupanda mara mbili au tatu. Likiingia ndani, na choo cha kuvuta na bafu, hupanda tena.

Kwa hiyo wagawe watu katika makundi ya huduma: bomba ndani ya nyumba, bomba uani, na kioski. Kila kundi lina lita zake, na sehemu ya watu katika kila kundi hubadilika kadiri miaka inavyokwenda. Mabadiliko haya yanaweza kuongeza mahitaji hata kama watu hawaongezeki.

Je, siwezi kuchukua ankara za wateja nikagawa kwa watu?

Unaweza, na ni bora kuliko kunakili namba ya mji mwingine. Lakini kuna mitego miwili ambayo lazima uikwepe.

Mtego wa kwanza ni mgao. Kama maji hutoka siku tatu kwa wiki, ankara hazikuonyeshi watu wanahitaji kiasi gani. Zinakuonyesha walipewa kiasi gani. Nimeona mpango uliotoa lita 45 kwa mtu kutoka kwenye ankara za mji wenye mgao mkali, ukazipeleka mbele kwa miaka ishirini. Kiu ya leo ikawa kigezo cha usanifu wa kesho, na mradi ulipokamilika, watu walipopata maji saa 24 kwa mara ya kwanza, tenki zilikuwa zinakauka ndani ya mwaka. Tafuta eneo ambalo maji hayakatiki, hata kama ni mtaa mmoja karibu na tenki, na upime hapo kwa miezi 12.

Mtego wa pili ni dira moja kuhudumia kaya nyingi. Sensa ya 2022 ilitoa wastani wa watu 4.3 kwa kaya nchini. Sasa chukua nyumba ya kupanga yenye dira moja na wapangaji watano, jumla watu 14, inayotumia uniti 30 kwa mwezi, yaani lita 1,000 kwa siku. Ukigawa kwa 4.3 unapata lita 233 kwa mtu, kama hoteli. Ukigawa kwa watu 14 waliopo, unapata lita 71. Bado hujamhesabu jirani anayenunua ndoo hapohapo. Tuma watu mitaani wakahesabu vichwa kwenye sampuli ya dira, mia mbili au tatu kwa kila kundi. Ni kazi ya wiki mbili na inaokoa mabilioni.

Ukomo wa mpango uwe miaka mingapi?

Kwa mpango kabambe, miaka 20 hadi 25 ndiyo desturi. Swali la maana zaidi ni miaka hiyo inaanza kuhesabiwa lini. Utafiti ukifanyika 2025, fedha zikapatikana 2027 na maji yakatoka 2030, mpango wenye ukomo wa 2045 umebakiwa na miaka 15 ya kazi siku ya uzinduzi. Hesabu kutoka mwaka ambao maji yatatoka bombani.

Halafu si kila kitu kijengwe kwa ukomo uleule. Bomba kuu la kutoka kwenye chanzo lijengwe kwa mahitaji ya mwisho, maana kulifukua na kulaza jingine ni gharama mara ya pili. Ardhi ya mtambo ichukuliwe yote mapema kabla haijajengwa nyumba. Pampu zitachoka ndani ya miaka 10 hadi 15 hata hivyo, kwa hiyo zinunuliwe kwa awamu. Mtambo wa kutibu maji ujengwe kwa vipande vinavyoweza kuongezwa.

Na kujenga kikubwa mno kuna adhabu yake. Maji yakikaa siku nyingi kwenye mabomba mapana yasiyo na wateja, klorini inaisha njiani na mashapo yanatulia. Mkopo nao hulipwa na wateja wachache waliopo, kupitia bei.

Naomba mfano kamili kuanzia watu hadi mita za ujazo.

Tuchukue mji wa kubuni, makao makuu ya wilaya, wenye watu 60,000 mwaka 2025. Ongezeko ni asilimia 4 hadi 2035 na 3.5 hadi 2045. Watu wanakuwa takriban 88,800 mwaka 2035 na 125,000 mwaka 2045.

Kwa 2045 tunakadiria asilimia 35 watakuwa na bomba ndani, kila mmoja lita 120. Asilimia 45 bomba uani, lita 70. Na asilimia 20 kioski, lita 25. Kundi la kwanza ni watu 43,750 na linahitaji mita za ujazo 5,250 kwa siku. La pili ni watu 56,250, mita 3,938. La tatu ni watu 25,000, mita 625. Jumla ya majumbani ni 9,813.

Taasisi na biashara tumezihesabu moja moja. Wanafunzi 30,000 wa kutwa kwa lita 10 ni mita 300, vitanda 250 vya hospitali kwa lita 200 ni mita 50, na soko, machinjio, ofisi, nyumba za wageni na kambi vinachukua 850. Jumla 1,200. Ukijumlisha na majumbani unapata takriban mita za ujazo 11,000 kwa siku zinazomfikia mtumiaji.

Sasa upotevu. Tunalenga kuushusha hadi asilimia 25 ifikapo 2045. Asilimia hiyo ni ya maji *yanayozalishwa*, siyo ya yanayotumika, kwa hiyo tunagawa kwa 0.75: 11,000 inakuwa 14,667. Wengi huzidisha kwa 1.25 na kupata 13,750. Tofauti ya mita 917 kwa siku inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini katika mji huu inatosha wakazi zaidi ya 11,000. Nikipewa jedwali la mtu nilikague, seli hii ndiyo ninayoifungua kwanza.

Baadaye tunaangalia siku ya matumizi makubwa kuliko zote, kwa kawaida katika kiangazi. Tukichukua kigezo cha 1.2, matumizi yanapanda hadi 13,200. Uvujaji haupandi kwa sababu watu wanafua zaidi, kwa hiyo upotevu unabaki 3,667. Jumla ni 16,867, na hiyo ndiyo kazi ya mtambo na bomba kuu. Mtambo wenyewe utatumia kama asilimia 5 kuosha vichujio, hivyo maji ya kuchukua kwenye chanzo ni takriban mita za ujazo 17,750 kwa siku. Hii ndiyo namba ya kuombea kibali cha kutumia maji kwenye Bodi ya Maji ya Bonde.

Rudia hesabu hiyo kwa 2035, huduma ikiwa bado haijaenea (asilimia 25 ndani, 45 uani, 30 kioski), taasisi mita 850 na upotevu asilimia 30. Utapata kama 11,400 kwa siku yenye matumizi makubwa. Sasa unaona awamu zako: mtambo wa mita 12,000 kwanza, wa 5,000 baadaye, na bomba kuu la 17,000 mara moja.

Upotevu wa leo ni asilimia 40. Naruhusiwa kuandika 20 kwa mwaka wa mwisho?

Kama mpango una fedha za kubadilisha mabomba chakavu, kuweka dira za kanda na kulipa timu ya kutafuta uvujaji, ndiyo. Kama hauna, umepunguza ukubwa wa mradi kwa kalamu. Soma taarifa za utendaji ambazo EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, hutoa kila mwaka, uangalie mamlaka yako imeshusha asilimia ngapi kwa miaka kumi iliyopita. Kasi hiyo ndiyo ahadi ya kweli unayoweza kutoa, isipokuwa uonyeshe kitakachobadilika.

Je, kigezo cha saa yenye matumizi makubwa?

Kinahusu mabomba ya usambazaji na ukubwa wa tenki, siyo chanzo. Kipime kwenye dira ya kutoka tenki kwa saa 24, wiki nzima. Katika mji wenye mgao kipimo hicho hudanganya: maji yakifunguliwa, kila simtenki mtaani linajaa kwa wakati mmoja, na saa hiyo inaonekana ya kutisha.

Nitajuaje kwamba makadirio niliyoletewa yana kasoro?

Gawa maji yote ya majumbani ya mwaka wa kuanzia kwa watu wote, uone kama jibu linafanana na unachokijua mitaani. Katika mfano wetu wa 2045, mita 9,813 za majumbani kwa watu 125,000 ni lita 78 na nusu kwa mtu, na hiyo inaeleweka kwa mji wa wilaya. Ukiona lita 180, uliza nani anazitumia. Kisha badilisha ongezeko kwa nukta moja juu na moja chini. Watu wetu 60,000 wanafika kama 103,000 mwaka 2045 ukishusha nukta moja, na kama 152,000 ukipandisha moja. Kama mradi unashindwa kabisa katika mojawapo ya hali hizo, awamu zake zimepangwa vibaya. Angalia pia kama chanzo kina maji hayo kwenye kiangazi kikali. Mipango mingine hukadiria mahitaji kwa uangalifu, halafu inakuja kugundua kwamba mto hauna.

Turudie makadirio lini?

Kila sensa inapotoka, na kila baada ya miaka mitano katikati. Usisubiri tukio kubwa liishe. Siku inapotangazwa kwamba taasisi fulani inahamia mjini kwenu, fungua jedwali, weka vichwa vyake kwenye mwaka wake, na uone awamu ya pili inatakiwa ianze mapema kwa miaka mingapi. Weka pia namba moja ya kufuatilia: maji yanayozalishwa siku ya matumizi makubwa kuliko zote ya mwaka. Ikifika asilimia 80 ya uwezo wa mtambo, anza kutafuta fedha za awamu inayofuata. Kwa mtambo wetu wa mita 12,000, hiyo ni siku dira ya kutoka mtamboni itakaposoma 9,600.